Kwa nini pete hugeuza kidole kijani, na kwa nini stenlesi ya kweli haifanyi hivyo

Ukivua pete ukakuta duara la kijani kidoleni, umeona shaba. Si damu kali, wala si ngozi yako kukataa mapambo, kama watu wanavyosema. Shaba iliyo ndani ya pete imekutana na jasho, ikatoa chumvi za rangi ya kijani, nazo zikatia doa ngozi ya juu, ile iliyokwisha kufa.

Neno letu shaba linabeba metali mbili, na hapo ndipo wanunuzi wengi huchanganyikiwa. Ipo shaba nyekundu, ile ya nyaya za umeme. Ipo na shaba ya njano, ya koki, vitasa na makufuli, ambayo ni shaba nyekundu iliyoyeyushwa pamoja na zinki. Katika kila gramu 100 za shaba ya njano, kwa kawaida gramu 60 hadi 70 ni shaba nyekundu. Pete nyingi za urembo za bei nafuu huwa na kiini cha shaba ya njano, kwa sababu huchongeka kirahisi na hushika vizuri rangi ya dhahabu au fedha. Nyingine zina kiini cha zinki, lakini hata hizo mara nyingi hutandikwa shaba kwanza ndipo zikapakwa rangi ya juu. Kwa hiyo usishangae pete isiyo na uso wa shaba kabisa ikaacha kijani.

Jasho lina chumvi na asidi kidogo. Chini ya pete halikauki upesi, na sabuni ya kunawia nayo hunasa humo humo. Ngozi ikiwa na maji, chumvi na hewa kwa pamoja, shaba huanza kuliwa. Ndiyo maana pete ile ile inaweza kukaa miezi bila tatizo kwa mtu anayeishi kwenye baridi kavu, kisha ikaacha kijani ndani ya siku chache Tanga au Mombasa msimu wa joto. Doa lenyewe halina madhara. Hutoka kwa sabuni, na lisipotoka lote huondoka na ngozi kavu baada ya siku kadhaa. Kuwashwa, vipele na ngozi kuchubuka ni jambo lingine kabisa. Hiyo huwa mara nyingi ni mzio wa nikeli, na dawa yake ni kuvua pete hiyo na kuachana nayo.

Sasa tufike kwenye stenlesi, maana malalamiko mengi yanaangukia huko. Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, angalau gramu 10.5 katika kila 100. Kromiamu hiyo ikikutana na hewa hujifunika utando mwembamba usioonekana, na ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe. Daraja linalofaa zaidi kwa mapambo huandikwa 316L: kromiamu 16 hadi 18, nikeli 10 hadi 14 na molibdeni 2 hadi 3 katika kila 100. Shaba si sehemu ya mchanganyiko huo. Kwa hiyo pete ikiandikwa 316L na kidole kikawa kijani, tilia shaka maandishi kabla ya kulaumu stenlesi.

Chukua mfano wa pete nyeupe inayong'aa, yenye muhuri wa 316L kwa ndani. Wiki mbili za kwanza haina neno. Wiki ya tatu unatokea mstari wa kijani, tena upande wa kiganja tu. Upande huo ndio unaosuguliwa na mpini wa ndoo, usukani na mifuko ya sokoni, na pale rangi ya juu huisha kwanza. Rangi ya haraka ya kiwandani inaweza kuwa na unene wa mikroni 0.1 hivi, wakati unywele wa kichwa una kama mikroni 70. Muuzaji akiletewa malalamiko huchukua sumaku, akaonyesha kwamba pete hainasi, akasema hiyo ndiyo stenlesi halisi. Kweli, 316L hainaswi na sumaku, au hunaswa kwa udhaifu sana. Lakini shaba ya njano nayo hainaswi! Sumaku haiwezi kutenganisha hizo mbili, na kipimo hicho kimewapotosha wengi.

Kipimo bora ni msasa laini. Sugua sehemu ndogo ya ndani, pasipoonekana, mara tano sita. Ikibaki kijivu hadi chini, ni dalili nzuri. Ukiona manjano au wekundu, jibu umelipata. Ukitaka uhakika zaidi, lowesha kipande cha tishu kwa siki, tia chumvi kidogo, kizungushe pale uliposugua, uache usiku kucha kwenye kisosa kisichofunikwa, kwa kuwa hewa inahitajika. Tishu ikiamka na rangi ya samawati au kijani, kuna shaba. Usifanye hivyo kwa pete yenye lulu au mawe ya gundi, siki itayaharibu. Na ukiruka hatua ya msasa, rangi ambayo bado ni nzima itaificha shaba, utadhani pete imefaulu.

Kwa pete ya kuvaa kila siku, ya kufulia na kupikia, stenlesi ya 316L ni chaguo la kwanza kwa bei yake. Udhaifu wake ni dawa za klorini za kusafishia, ambazo huitoboa vitundu, kwa hiyo ivue kabla ya kusugua choo. Ina nikeli, ingawa huitoa kidogo sana. Mwenye mzio mkali atafute titani, ambayo ni nyepesi na haisumbui ngozi. Kasoro ya zote mbili ni ugumu: kidole kikinenepa, sonara wengi hawataweza kuipanua, basi pima sawasawa kabla hujalipa.

Fedha ya 925 ndiyo wanayopenda wanaume wengi Waislamu, kwa kuwa dhahabu hawavai. Ina gramu 7.5 za shaba katika kila 100. Kwa kawaida hugeuka nyeusi, ila mwenye jasho jingi huweza kuona kijani kidogo. Kitambaa cha kung'arisha fedha hurudisha mng'ao.

Dhahabu safi haiachi kijani, lakini pete karibu zote ni mchanganyiko. Muhuri wa 750, yaani karati 18, una dhahabu gramu 75 katika kila 100, na jasho la kawaida haliisumbui. Wa 375, karati 9, umejaa fedha na shaba kuliko dhahabu, na huweza kuacha doa. Angalia pia herufi zinazofuata: 18K GP maana yake imepakwa tu, na chini yake mara nyingi ni ile ile shaba ya njano.

Pete ya shaba unayoipenda si lazima uitupe. Ioshe, ikaushe kabisa, kisha paka kwa ndani rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka mbili nyembamba, ukiacha la kwanza likauke kabla ya la pili. Upande wa kiganja utaanza kubanduka mapema, kwa hiyo uangalie kila wiki na upake tena pale tu palipotoka.