Namba 90 na 220 si za kipimo kimoja

"Giaboksi ya kinu imeandikwa 220, na dukani hapa Chake kuna oili ya gia 90 tu. Hiyo si nyepesi mno?"

Nyepesi kidogo, ndiyo, lakini si kama namba zinavyoonyesha. ISO VG 220 ni mnato halisi: takriban sentistoksi 220 oili ikiwa na nyuzi joto 40. SAE 90 ni jina la daraja tu, na hupimwa kwenye nyuzi 100, ambako lazima iwe kati ya sentistoksi 13.5 na 18.5. Oili ya VG 220 ya kawaida ikipashwa hadi nyuzi 100 hushuka mpaka kama 19. Kwa hiyo 90 hukaa baina ya VG 150 na VG 220.

Niliwahi kuona ratiba ya matengenezo ya kinu cha mpunga iliyotafsiriwa "tia oili namba 220". Fundi, maskini, akanunua SAE 140, kwa kuwa ndiyo iliyokaribia. Hiyo ni nzito, inaelekea VG 460. Gia zikawa zinaikoroga tu na giaboksi ikachemka. Kwa hiyo, mfasiri, usiziache herufi VG wala SAE. Namba peke yake haina maana.

Na ikiwa ndani mna gia ya skrubu yenye gurudumu la shaba, usitie oili ya gia ya daraja la GL-5 hata mnato ukiwiana: salfa iliyomo huweza kuila shaba. Oili ikitoka na chembe za rangi ya dhahabu, gurudumu linalika.