Silinda imelika 0.19, kwa nini pistoni ya 0.25 haitoshi

Swali ninaloulizwa mara nyingi na mafundi wanaoniletea bloku za bodaboda kuchonga ni hili: "Kaka, nimepima, imelika kumi na tisa tu. Si 25 itatosha?" Anamaanisha kipenyo kimekua kwa 0.19 ya milimita, na 25 ni pistoni iliyo kubwa kuliko ya asili kwa 0.25. Kwa hesabu ya haraka inaonekana itatosha. Ukiiweka bloku kwenye mashine, mara nyingi haitoshi, na anayegundua hilo baada ya kununua pistoni hukuta fedha imeshatoka.

Nichukue bloku moja ya injini ya mtindo wa CG125, ile ambayo pikipiki nyingi za Kichina zimeiiga. Kipenyo cha silinda yake ikiwa mpya ni milimita 56.50, na pistoni za ovasaizi hupatikana kwa hatua za 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Kabla ya lolote nilifuta masizi juu ya kichwa cha pistoni ya zamani nione kama kumegongwa namba. Hakukuwa na namba, na vipimo vya chini ya silinda vilithibitisha kuwa bado ilikuwa standadi.

Silinda hailiki sawasawa. Sehemu inayoumia zaidi iko juu, pale ringi ya kwanza inaposimama pistoni ikifika mwisho wa safari yake, kwa sababu hapo joto na mgandamizo ni vikali na oili ni chache. Tena huumia zaidi upande wa mbele na nyuma kuliko upande wa pini, maana konrodi ikikaa kimshazari huisukuma pistoni ubavuni. Kwa hiyo napima mahali patatu, juu, kati na chini, na kila mahali napima pande mbili: sambamba na pini, kisha kuikata pini. Bloku hii ilisoma 56.69 juu kwa upande unaokata pini na 56.58 sambamba na pini. Chini kabisa ilikuwa karibu 56.52.

Asiye na geji ya ndani anaweza kupata picha ya kwanza kwa ringi mpya ya saizi iliyomo. Isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, chini kwanza, upime mwanya wa ncha zake kwa fila geji, kisha uifanyie vivyo hivyo juu. Kwenye bloku hii mwanya ulikuwa 0.25 chini na 0.63 juu. Tofauti ni 0.38. Gawanya kwa 3.14, unapata kama 0.12, ambayo ndiyo tofauti ya kipenyo kati ya juu na chini. Ila ringi inatoa wastani wa mzunguko mzima. Haitakuonyesha kwamba silinda imekuwa yai, na hapa ndipo ile 0.19 ilipojificha.

Sasa tuje kwenye 25. Kipenyo kimekua kwa 0.19 na pistoni inaongeza 0.25, kwa hiyo yule fundi anaona 0.06 ya ziada. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama ulaji ungegawanyika nusu kwa nusu pande zote mbili. Lakini mlipuko unaisukuma pistoni upande mmoja kwa nguvu kuliko upande wa pili. Nilifunga bloku kwenye mashine, nikatafuta senta kwa kutumia ule ukingo mwembamba wa juu kabisa ambao ringi haziufikii, baada ya kuukwangua masizi, nikahakikisha na sehemu ya chini. Mshale wa geji ulionyesha 0.14 upande mmoja na 0.05 upande wa pili.

Pistoni ya 0.25 inaongeza nusu yake tu kila upande, yaani 0.125. Ulaji wa upande mmoja ni 0.14. Kisu kingepita bila kugusa chuma mahali palipolika zaidi, na pangebaki kovu jeusi hapo juu ambapo ringi inahitaji ukuta safi kuliko kwingine kokote. Pikipiki ya namna hiyo huanza kula oili na kutoa moshi wa bluu mapema, na mteja husema ringi ni feki.

Kuna wanaookoa 25 kwa kusogeza senta kufuata ulaji. Mashine itasafisha, ni kweli, lakini silinda inakuwa imehama kutoka mstari wake wa asili na pistoni haikai tena pale ilipokusudiwa juu ya kranki. Mimi sifanyi.

Kwa 0.50 kila upande unaongezeka 0.25. Toa 0.14, inabaki 0.11 ya chuma kizima mahali pabaya kuliko pote, nafasi tosha ya kisu na ya mawe ya honi. Basi saizi ni 50. Kwenda 75 "kwa uhakika" ni kutupa chuma: umejinyima uchongaji mmoja wa baadaye, na slivu inazidi kuwa nyembamba. Nguvu nayo haiongezeki kwa kiasi cha kusikika, kwa kuwa kutoka 56.50 hadi 57.00 ujazo unapanda kutoka cc 124 hadi 126 hivi. Kama kuna mkwaruzo mzito, kina chake nacho uhesabu pamoja na ulaji, maana ndicho kinaweza kukupeleka 75. Na bloku ikija tayari iko 1.00, namshauri mwenyewe anunue nyingine.

Kuchagua 50 bado si kujua kipenyo cha kuchonga. Hapa ninasisitiza: leta pistoni kwanza, ndipo nichonge. Namba iliyogongwa juu yake ni jina la saizi, wala si kipimo. Pistoni napima kwenye sketi, kwa upande unaokata pini, kama milimita 10 kutoka chini, kwa sababu hapo ndipo ilipo pana. Ile ya bloku hii ilisoma 56.96. Kwa injini ndogo kama hii inayopozwa na hewa naacha nafasi ya 0.03, hivyo silinda inamalizikia 56.99. Kisu nakisimamisha 56.94 na zile 0.05 zilizobaki naziachia honi, ambayo inafuta alama za kisu na kuacha mistari ya kupishana inayoshika oili.

Usipime bloku ikiwa ya moto. Ikizidi joto la chumba kwa nyuzi 30, kipenyo hiki kinasoma kikubwa kwa karibu 0.02, na ikipoa, ile nafasi yako ya 0.03 inakuwa imebaki 0.01. Pistoni ya namna hiyo inanata siku ya kwanza ya mzigo, na ukiifungua utaona michirizi ya wima kwenye sketi. Ikilegea kupita kiasi utaisikia asubuhi injini ikiwa baridi, inagonga, kisha kelele inapungua ikishika moto.

Kabla ya kufunga, rudisha ringi mpya za 50 ndani ya silinda, upime mwanya juu na chini. Kwa kipenyo hiki natarajia karibu 0.2, na namba ya juu na ya chini ziwe moja. Zikitofautiana, bloku irudi kwa aliyechonga kabla haijafungwa boliti hata moja.