Wimbi limesimama, uzi haujatulia

Juzi barazani, hapa mjini Unguja, kijana wa kidato cha nne alikuwa akimsomesha mwenziwe fizikia. "Wimbi lililosimama," akamwambia, "ni pale uzi unapotulia." Kauli hiyo naisikia skuli, naisikia hata kwa wapigaji udi, na kila mwenye kuishika hupotea mbele anapofika kwenye hesabu.

Maana yake ni fupi. Uzi uliofungwa ncha zote mbili ukipigwa, wimbi hukimbia hadi mwisho wa uzi, hurudi limepinduka, likakutana na linalokwenda. Nusu ya urefu wake ikiingia mara kamili baina ya ncha mbili, mawimbi hayo hujumlishana, na umbo linalotokea haliendi kushoto wala kulia.

Taabu imo katika kitenzi chenyewe. Kusimama kwetu sisi kuna maana mbili zinazokaa jirani. Saa ikisimama, mishale haiendi tena. Lakini jahazi likisimama nangani mbele ya Forodhani halijatulia hata kidogo: linapanda, linashuka, ila pale halitoki. Wimbi la uzi limesimama kwa maana ya jahazi, si kwa maana ya saa. Kilichokoma ni safari, mtetemo bado upo.

Kweli zipo nukta zisizotikisika, tuziite mafundo, na katikati ya fundo na fundo pana tumbo, mahali uzi unapocheza zaidi kuliko pote. Chukua udi ambao uzi wake, kutoka ukingo wa shingo hadi darajani, una sentimita 60. Kunja vipande viwili vya karatasi kama paa la banda, kimoja ukipande juu ya uzi kwenye sentimita 30, cha pili kwenye sentimita 40. Sasa gusa uzi kwa ncha ya kidole kwenye sentimita 20, kuugusa tu bila kuukandamiza, halafu piga risha kwenye sentimita 10. Karatasi ya 30 itarushwa. Ya 40 itatikisika kidogo na kubaki, kwa sababu imekaa juu ya fundo. Uzi umegawika vipande vitatu sawa, na hiyo ni harmoniki ya tatu. Ikiwa uzi mzima hutoa mitetemo 110 kwa sekunde, sauti hii ina 330. Ungegusa katikati ungepata ya pili, yaani 220. Usipogusa popote, harmoniki hizi zote huwamo ndani ya sauti moja kwa pamoja, kila moja kwa nguvu yake.

Mwenye kudhani uzi umetulia hukosea pia kwenye mkazo. Husema, kama alivyosema yule kijana: ukizungusha kigingi ukakaza, wimbi kwenye uzi linafupika, ndiyo maana sauti inapanda. Lakini ncha hazijahama. Wimbi la harmoniki ya kwanza lilikuwa na sentimita 120, mara mbili ya urefu wa uzi, na bado lina 120. Kilichobadilika ni mwendo wa yale mawimbi yanayokwenda na kurudi. Kwenye mitetemo 110 wimbi lilikuwa likienda mita 132 kwa sekunde, na safari ya kwenda na kurudi ni mita 1.2, gawa, utapata 110. Kanuni ni hizi:

```
v = √(T/μ)
f = v/(2L)
```

v ni mwendo wa wimbi, f ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, T ni mkazo, μ ni uzito wa uzi kwa kila mita, L ni urefu wa uzi. Uzi wa gramu 2 kwa mita unataka mkazo wa karibu niutoni 35, kama kuuning'inizia kilo tatu na nusu. Ukitaka sauti ipande toni moja nzima, ifike takriban 123.5, mkazo uende kwenye niutoni 44 hivi. Hapo pana kipeuo cha pili kilichojificha: mkazo ukiwa mara mbili, sauti haifiki 220, inaishia karibu 156. Kufika 220 unahitaji mara nne, kilo 14, na kabla ya hapo huenda uzi umeshakatika au daraja limebanduka. Ndiyo maana mpigaji anayetaka sauti ya juu sana hubana uzi kwa kidole akaufupisha, au huhamia uzi mwembamba, badala ya kuendelea kukaza.

Nilimwambia yule kijana: mwanangu, sema wimbi limesimama pahala pake, uzi unatetemeka. Na kuhusu kufupika, hujakosea kabisa, umelitaja wimbi jingine tu. Linalofupika uzi unapokazwa ni lile la hewani linalokuja masikioni, kutoka kama mita 3.1 hadi 2.8. Hilo halikufungwa ncha.