Praktiko kila wiki, uchunguzi hakuna

"Sisi praktiko tunafanya kila wiki, huo uchunguzi mnaotuletea tumeuanza zamani." Kauli hii naisikia karibu kila semina ya walimu wa sayansi wa kidato cha kwanza na cha pili hapa Mwanza, na sasa imenichosha.

Chukua kipimo cha wanga. Mwalimu anaandika ubaoni: dondoshea ayodini kwenye kipande cha muhogo, rangi itakuwa buluu iliyokoza, hitimisha kwamba kuna wanga. Wanafunzi wanadondosha, wanaandika, kengele inalia. Praktiko ya namna hiyo inazoesha kushika vifaa, sikatai, lakini jibu limefika darasani kabla ya muhogo. Kusanya madaftari uone. Ukikuta 40 yana nadharia tete moja na hitimisho moja, neno kwa neno, ujue hakuna aliyechunguza chochote.

Uchunguzi unahitaji swali linaloligawa darasa. Kwa shule za kando ya ziwa mimi napendekeza gugu maji: je, linapunguza maji au linayatunza? Wapo watakaosema majani yanayafunika maji yasipigwe na jua. Wengine watasema mmea unayanywa. Pande zote zina hoja, kwa hiyo mwalimu anyamaze. Kila kikundi kiandike kinatarajia kuona nini, na matokeo gani yatakifanya kibadili msimamo. Fikra tunduizi naitafuta kwenye hilo la pili, na ndilo walimu wengi wanaliruka.

Vifaa ni ndoo mbili za lita 10, za rangi moja na mdomo sawa. Tia maji ya bomba, weka gugu kwenye ndoo moja, kisha chora alama usawa wa maji kwenye zote mbili. Kila asubuhi, saa ileile, ongeza maji kwa chombo cha kupimia mpaka yarudi kwenye alama. Kiasi ulichoongeza ndicho kilichopotea. Gugu achukue mwalimu, akiwa na glavu na buti, asuuze mizizi vizuri, kwa sababu konokono wa kichocho hupenda kujificha humo. Jaribio likiisha, mmea ukaushwe juani, usitupwe bwawani.

Tuseme ndoo isiyo na gugu imepoteza mililita 250 kwa siku na yenye gugu 500. Walimu wengi hapo wanafunga somo: gugu linakausha ziwa! Hapo ndipo ninapowazuia. Maji yaliyopungua yamekwenda hewani, au yamebaki ndani ya mmea? "Maji yamepungua" ni kilichoonekana. "Mmea umeyanywa" ni tafsiri. Atakayeona tofauti hiyo atapendekeza kipimo: pima uzito wa ndoo nzima, pamoja na gugu lake, asubuhi baada ya kuongeza maji, kisha pima tena kesho yake kabla hujaongeza. Kama maji yamejificha mmeani, uzito hautabadilika. Ukipungua karibu nusu kilo, nusu lita imetoka nje, na sehemu kubwa imepitia kwenye majani.

Halafu kuna swali gumu zaidi: je, ziwa nalo liko hivyo? Majani ya ndooni yamechomoza juu ya mdomo na yanapata upepo na jua kila upande, tofauti na gugu lililobanana ziwani. Kwa hiyo tarakimu za ndoo zinaweza kuonyesha upotevu mkubwa kuliko wa ziwani. Mwanafunzi anayeandika kasoro hiyo kwenye hitimisho lake mpe alama nyingi kuliko aliyepata tarakimu nzuri. Mvua ikinyesha usiku, matokeo ya siku hiyo yanatupwa, na sababu inaandikwa.

Dhana ya pili potofu: uchunguzi maana yake mwalimu akae pembeni, watoto wajigundulie wenyewe. Hapana. Watafiti Lazonder na Harmsen walijumlisha tafiti 72 mwaka 2016, wakaona wanafunzi wanaochunguza kwa kuelekezwa hufanya vizuri zaidi. Kubadilisha kitu kimoja tu huku vingine vikibaki sawa hakuji kwa bahati. Kunafundishwa waziwazi, kwa mfano kwa kuwawekea ndoo mbili, yenye gugu juani na isiyo nalo kivulini, kisha kuwauliza ulinganisho huo una kasoro gani.

"Hatuna maabara." Ndoo mnazo.

La mwisho ni lugha: eti Kiingereza chao hakitoshi kujenga hoja. Basi wabishane kwa Kiswahili, na Kisukuma kikipenya usikikemee. Mtoto anayetafuta neno la Kiingereza wakati mwenzake anaipinga hoja yake ataacha hoja, atashika neno. Hitimisho ndilo liandikwe kwa Kiingereza, kwa kuwa mtihani unakitaka, na liandikwe baada ya ubishi kwisha.