Mashine ya korosho ya jero: mchoro wa hali unavyosomwa vibaya

Tuseme kuna mashine ndogo stendi ya mabasi Mtwara, inauza pakiti ya korosho za kukaanga kwa shilingi 500. Tundu lake linakubali sarafu za 100 na 200 tu. Sarafu ya 500 inadondokea kwenye kikombe cha kurudishia kabla haijahesabiwa. Pembeni kuna kitufe kimoja, R, cha kudai hela irudi.

Mchoro wa mashine hiyo una maduara matano: S0, S100, S200, S300 na S400. Kila duara ni hali, na hapa hali ni kiasi ambacho mteja ameshalipa. Kila mshale una maandishi mawili yaliyotengwa kwa mkwaju: kushoto ni kilichoingia, kulia ni kinachotoka. Ukiupanga mchoro huo kama jedwali unapata hivi, K ikiwa ni pakiti ya korosho:

```
hali   100       200        R
S0     S100/-    S200/-     S0/-
S100   S200/-    S300/-     S0/rudisha 100
S200   S300/-    S400/-     S0/rudisha 200
S300   S400/-    S0/K       S0/rudisha 300
S400   S0/K      S0/K+100   S0/rudisha 400
```

Soma mstari wa S300. Mteja ameshalipa 300. Akitia 100 mashine inahamia S400 na haitoi kitu. Akitia 200 imetimia jero, pakiti inatoka, mashine inarudi S0. Akibonyeza R anapewa 300 zake. Hakuna njia ya nne.

Dhana: maduara ni hatua, mashine inayapitia moja baada ya jingine hadi mwisho.

Hii inatokana na kuzoea michoro ya mtiririko, ile ya visanduku vya "anza" na "maliza", ambako kazi ikiisha kwenye kisanduku mtiririko unasogea wenyewe hadi kinachofuata. Huku si hivyo. Mashine ikiwa S200 itakaa S200 hata saa nzima, mpaka sarafu iingie au kitufe kibonyezwe. Tena haina lazima ya kupita kila duara: mteja akitia 200, 200 na 100, njia yake ni S0, S200, S400, S0. S100 na S300 hazikuguswa.

Dhana: mashine inakumbuka sarafu ulizotia.

Haikumbuki. Inajua iko duara gani, basi. S300 inafikiwa kwa njia tatu: 100 mara tatu, 100 kisha 200, au 200 kisha 100. Ukishafika, njia hizo tatu hazitofautiki tena, na ndiyo maana maduara matano yanatosha. Tungetaka kutunza kila mpangilio wa sarafu, S400 peke yake ingegawanyika kuwa maduara matano.

Hili mteja analiona kwenye kitufe. Aliyetia 100 tatu akabonyeza R anaweza kupokea 200 moja na 100 moja. Mashine inadaiwa 300, haidaiwi sarafu zilezile. Anayetaka zilezile zirudi ahitaji kifaa cha kuzishikilia kando hadi mauzo yakamilike. Mchoro hauwezi kumfanyia kazi hiyo.

Dhana: mchoro umekosewa, hauna S500.

Haujakosewa. Tokeo limeandikwa kwenye mshale, kwa mtindo aliouandika George Mealy mwaka 1955. Sarafu ya mwisho inapoingia, pakiti inatoka katika kuhama kwenyewe. Katika mtindo wa Edward Moore, wa mwaka 1956, tokeo linaandikwa ndani ya duara, kwa hiyo hapo utahitaji S500 ya kutoa pakiti, S600 ya kutoa pakiti na chenji, na mengine manne ya kurudisha 100, 200, 300 na 400: maduara kumi na moja. Mitindo yote miwili ni sahihi. Kosa ni kuichanganya, ukaweka S500 na bado ukaandika K kwenye mshale unaoingia humo. Pakiti zitatoka mbili.

Dhana: chora mishale ya mteja anayelipa sawasawa, mingine itajijua.

Hali tano kwa maingizo matatu ni mishale 15. Hesabu mishale yako; ikipungua, kuna swali hujalijibu, na atakayelijibu ni mwandika programu, mara nyingi kwa kurudisha kila kisichoeleweka S0. Hela ya mteja imeliwa hapo.

Mshale unaosahaulika kuliko yote ni wa S400 ikipokea 200. Jumla ni 600. Ukiuandika S0/K, umemla mteja mia. Ukiuandika S0/K+100, unampa chenji, lakini sasa lazima mashine iwe na akiba ya sarafu za 100. Njia nyingine ni S100/K: pakiti inatoka na mia inabaki kama malipo ya pakiti ijayo. Stendi, ambako abiria wa basi la Masasi hana mpango wa kurudi, chenji ni haki zaidi. Mshale wa S0 kwa R nao unaonekana wa kipuuzi, ila ndio unaofanya anayebonyeza kitufe mara mbili asipewe hela mara mbili.

Dhana: sarafu moja ni mpito mmoja, haihitaji kufanyiwa chochote.

Kwenye karatasi, ndiyo. Kwenye saketi, mashine inatazama maingizo yake kwa kila pigo la saa ya saketi. Tuseme saa inapiga mara 1,000 kwa sekunde, na sensa inashikilia ishara ya sarafu kwa milisekunde 50. Hayo ni mapigo 50, na kwa kila pigo mashine inaona "100". Mapigo matano ni mzunguko mmoja kutoka S0 hadi S0, kwa hiyo mia moja imetoa amri kumi za pakiti. Kwa sarafu ya 200 ni vibaya zaidi: kila mapigo matatu yanatoa pakiti na chenji ya 100. Mapigo 48 yametoa pakiti 16 na shilingi 1,600, na mawili yaliyobaki yameiacha mashine S400. Foleni ya wateja ingefika Mikindani.

Mchoro hauna kosa. Kilichokosewa ni maana ya ingizo. Ingizo liwe kuanza kwa ishara, si kuwepo kwake:

```
sarafu_mpya = sensa AND NOT sensa_ya_pigo_lililopita
```

Na katika mapigo yote ambayo hakuna kipya, kila duara lina mshale unaojirudia. Wengi hawauchori ili mchoro usijae, lakini upo.

Dhana: hali ni tano, basi mashine haiwezi kuwa kwingine.

Hali tano zinahifadhiwa kwa biti tatu, na biti tatu zina namba nane. Ukianza na 000 kwa S0 hadi 100 kwa S400, zinabaki 101, 110 na 111 zisizo na duara. Umeme ukiyumba, mashine inaweza kujikuta 110. Kama hakuna mshale wa kutoka humo, itameza sarafu bila kutoa kitu na R haitajibu. Dalili ni hii: inapona ukichomoa plagi na kuichomeka tena, kisha siku nyingine inarudia. Dawa yake ni mistari mitatu zaidi kwenye jedwali, kila ingizo likielekea S0.