Gemu ya ngeli ya kuprinti, inayotosha kipindi cha dakika 35

Nafundisha Kiswahili Gredi ya 5 na kila muhula natengeneza gemu moja ya ubao ya kuprinti. Hii ya leo ni ya umoja na wingi, yaani upatanisho wa ngeli, na nitaeleza vile nimeipanga mpaka ikakubali kukaa ndani ya kipindi kimoja.

Ya kwanza kabisa niliyotengeneza ilikuwa na nyumba 60, maridadi, mto unapita katikati, na hakuna mtoto hata mmoja aliyefika nusu kengele ikalia. Tangu hapo sianzi kuchora kabla sijapiga hesabu ya muda. Kipindi ni dakika 35, toa kupanga vikundi na kugawa vifaa na kukusanya, unabaki na kama 20 za kucheza kweli. Nilikaa na saa nikapima zamu moja (kuvuta kadi, kusomewa, kufikiria, kujibu, kurusha dadu, kusogea) ikatoka kama sekunde 40. Kwa hiyo dakika 20 ni zamu 30, na kikundi kikiwa cha watoto 4 kila mmoja anapata zamu 7, wengine 8. Sasa dadu ya kawaida kwa wastani inakupa 3.5, na mtoto wa kati akikosa maswali mawili hivi basi amesogea mara 5, ambayo ni kama nyumba 17 au 18. Yule mwepesi atapita 20 vizuri. Ndiyo maana njia yangu ina nyumba 24 tu.

Na hiyo 24 ina raha yake kwenye kuchora. Fungua Word, weka jedwali la safu 7 kwa 7, halafu zile nyumba za katikati 5 kwa 5 zichague zote ubonyeze `Merge Cells`. Pembeni zinabaki 24 kamili zinazozunguka, na katikati una uwanja wa kuweka kadi. Nikiifanya kila nyumba milimita 27 kwa 27 jedwali lote linakuwa 189, linaingia kwenye A4 bila printa kukata kingo. Kitu kimoja tu, vifuniko vya soda havifai hapo kama vipande vya kuchezea, ni vikubwa kuliko nyumba na watoto wawili wakikutana hamuoni nyumba yenyewe. Mimi natumia punje ya hindi, haragwe, kokoto na kifungo, kila mtoto anajua chake.

Nyumba za "rudi nyuma mbili" naweka tatu tu, na kabla sijaprinti nahakikisha ukirudi huangukii nyingine ya kukurudisha tena. "Kosa zamu" siweki kamwe. Mtoto aliyekosa zamu amekosa swali, na swali ndilo lililotuleta.

Tuje kwenye kadi, hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Naweka kadi 9 kwa kila karatasi, milimita 63 kwa 88, karatasi 4 zinakupa kadi 36, ambazo zinatosha zile zamu 30. Zamani nilikuwa naprinti jibu upande wa nyuma, na huo upande wa nyuma haujawahi kulingana na wa mbele, unakata kadi unakuta jibu la jirani limeingia. Sasa jibu liko chini kwenye uso uleule, na anayeshika kadi si anayejibu, ni aliyekaa kulia kwake. Yeye anasoma swali, anasikiliza, anahakiki. Gharama imepungua nusu na yule mtoto aliyekuwa anangoja zamu huku anaangalia dirishani sasa ana kazi.

Swali lenyewe lazima liwe na jibu moja tu, maana anayehakiki ni mtoto mwenzake. Niliwahi kuandika "Kiti changu kimevunjika, sema kwa wingi" na jibu nikaweka "Viti vyetu vimevunjika". Kikundi kimoja kikasimama kabisa, mtoto anasema viti ni vyangu mimi peke yangu, vingi, kwa hiyo "viti vyangu", na ukimsikiliza ana hoja. Kadi zote zenye -angu na -ako nikazitoa, nikaweka viashiria badala yake: "Kiti hiki kimevunjika", "Ukuta huu umebomoka" (Kuta hizi zimebomoka), "Jicho lile linauma" (Macho yale yanauma). Na zile za mtego hazikosi, kama "Kifaru yule amelala". Mtoto anaona ki- mbele anakimbilia "vifaru vile vimelala", kumbe kifaru ana uhai, ni "Vifaru wale wamelala". Kadi hiyo moja inafundisha kuliko nikisimama ubaoni robo saa.

Halafu kuna kanuni moja ambayo naona ndiyo moyo wa gemu. Mtoto akikosa, msomaji anamsomea jibu sahihi, yeye analirudia kwa sauti, harushi dadu, na ile kadi haiendi chini kabisa. Ukiipeleka chini kabisa kwa kadi 36 na zamu 30 haitaonekana tena siku hiyo. Inapenyezwa chini ya kadi tatu za juu. Wenzake watatu wanavuta hizo tatu, zamu inarudi kwake, na kadi anayokutana nayo ni ileile aliyoikosa. Hata wawili wakikosa mfululizo mpangilio hauvurugiki, kila mmoja anakutana na yake. Kikundi kikiwa cha 5 unasema kadi nne, cha 3 unasema mbili. Ila uwe macho, mara ya pili anaweza kuwa amekariri sentensi tu, kwa hiyo kila muundo naupa kadi mbili: ukuta na uzi, jicho na jino, kifaru na kipofu. Akipata ya kurudiwa akakosa ndugu yake, bado hajaelewa.

Dadu inarushwa baada ya kujibu sawa. Nilijaribu kurusha kwanza, mtoto akapata 6, akakosa swali, akanyang'anywa ile sita, na machozi yakamtoka. Kama dadu hamna, vikaratasi 1 mpaka 6 ndani ya kikopo vinafanya kazi ileile.

Karatasi ya kanuni ni nusu ya A4, sentensi fupi, na naijaribu kwa kuwapa watoto wanne waisome wenyewe huku mimi nimenyamaza. Kila wanaponigeukia kuuliza, mstari huo ni mbovu nauandika upya. Nilikuwa nimeandika "mwenzako akusomee kadi" wakagombana ni mwenzako yupi, sasa inasema "aliye kulia kwako". Mshindi simwekei idadi kamili ya kuingilia nyumba ya mwisho, akipita amefika na anaanza mzunguko mwingine, kengele ikilia aliye mbele ndiye mshindi. Wakibishana jibu, lililo kwenye kadi linakubaliwa kwa sasa na kadi inawekwa kando wanipe mwisho.

Kwa darasa la watoto 48 ni seti 12: karatasi 48 za kadi, 12 za njia, 6 za kanuni, jumla 66. Wakati wa kuprinti chagua `Actual size`, ukiacha `Fit to page` kila kitu kinaweza kusinyaa. Na kama mtapiga fotokopi usitegemee rangi, nyekundu na bluu zote zinatoka kijivu, nyumba za kurudi nyuma zichoree mshale mnene. Zile kadi za ubishi nazifunga kwa mpira, jioni nazipitia, na yenye kesi mbili haiprintiwi tena.