Rasta za kubandika pichani: ukungu hauko nyuma ya mtu tu

Dhana: Ukitia ukungu mwingi nyuma ya mtu, nywele ulizombandikia zitakaa.

Ukweli: Hapo ndipo zinapojitokeza zaidi. Lenzi haitofautishi mtu na ukuta, inafuata umbali. Tuseme dada amepigwa picha kwa kamera ya fulufremu, lenzi ya mm 85, f/1.8, akiwa mita 1.5 kutoka kwenye kamera. Sehemu inayotoka wazi ni kama sentimita 3 tu, kuanzia mbele hadi nyuma. Fokasi ikiwa jichoni, sikio limeshalainika, maana liko kama sentimita 10 nyuma ya jicho. Sasa mbandikie rasta zilizotolewa kwenye picha nyingine, zote wazi mpaka kisogoni. Hata asiyejua kamera ataona zimebandikwa.

Dhana: Gaussian Blur moja ya Photoshop kwa leya nzima inatosha.

Ukweli: Rasta zinazoshuka kando ya jicho na zile zinazopita nyuma ya sikio haziko umbali mmoja. Zigawe leya mbili, tatu ukiweza. Kwanza rekebisha ukubwa wake na uziweke mahali pake, kwa sababu ukibadilisha ukubwa baadaye, ukungu nao unabadilika.

Kipimo kiko ndani ya picha yenyewe. Kuza hadi 200% uangalie hereni ya huyo dada. Ukingo wake ukichukua pikseli 6 kutoka giza hadi mwanga, na wa rasta ukichukua 2, basi rasta za hapo sikioni zianzie Gaussian Blur yenye Radius 2.2, kisha ongeza au punguza kidogo kidogo mpaka kingo zifanane. Za karibu na jicho linganisha na kope, na mara nyingi hazihitaji kuguswa. Kwa gauni la kubandika ni vilevile: kola ilinganishwe na ngozi ya shingo, bega la nyuma na kitu kilicho umbali huohuo. Maua ya kitenge yakiwa wazi sawa mabega yote mawili wakati mtu amekaa kiupande, gauni linaonekana kama karatasi.

Dhana: Nywele zikishalainika, ukingo unajirekebisha wenyewe.

Ukweli: Kosa hili nimelirudia miaka mingi. Leya ikiwa na maski, Gaussian Blur inalainisha nywele zilizo ndani huku maski ikibaki imekata kama wembe. Tumia Apply Layer Mask kwanza, ndipo utie ukungu, ili ukingo nao uyeyuke na rangi ya nyuma ipenye.

Ukungu pia unafuta chenga za ISO, zile nukta ndogondogo za kamera. Rudisha kwa Add Noise, kiasi kidogo, ukilinganisha na chenga zilizo kwenye ukuta wa nyuma. Usizilinganishe na za usoni kama uso umeshasafishwa.